Kukamua maziwa: mkono au pampu?

Maziwa yakiwa machache, kukamua baada ya kunyonyesha huusukuma mwili kutengeneza zaidi. Siku za kwanza mkono unashinda: maziwa ya mwanzo ni matone mazito, na kwenye pampu mengi huishia kunata. Weka kidole gumba na cha shahada sentimita 2 hadi 3 nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usiteleze juu ya ngozi. Gharama hakuna, na vya kuosha ni mikono na chombo cha kukingia maziwa tu.

Anayerudi kazini, pampu itamwokolea muda, ila vifaa vinavyogusa maziwa vioshwe kila mara. Chuchu ikiuma, huenda kikombe cha pampu kinabana. Mfereji wa maziwa ukiziba, mimi ningekamua kwa mkono, taratibu, hadi kupata nafuu tu. Homa ikipanda, nenda kliniki.