Signal kwa watu wanne, WhatsApp kwa ukoo mzima: nilivyopanga simu yangu hapa Mtwara

Kila msimu wa korosho grupu letu la ukoo WhatsApp hujaa karatasi: picha ya stakabadhi kutoka AMCOS, picha ya kitambulisho cha NIDA cha mama, namba ya akaunti ya benki, na safari hii yakaongezeka majibu ya vipimo vya mama. Mimi ndiye ninayeshughulikia mambo ya mama hapa Mtwara mjini. Dada yuko Dar, mdogo wetu yuko Masasi, na mjomba anayesimamia shamba yuko kijijini huko Newala. Nilitaka programu ya kupitishia vitu hivyo bila watu baki kuviona, ila nisimpoteze mjomba, kwa sababu kwetu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho na WhatsApp ndiyo programu pekee anayoitumia.

Wengi wanadhani WhatsApp inavuja njiani. Haivuji huko. Tangu 2016 ujumbe wake hufungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji tu, na utaratibu wa ufungaji huo ni uleule uliobuniwa na watu wa Signal, programu nyingine ya kutumiana ujumbe. Kinachonisumbua ni kile kinachotokea picha ikishafika. WhatsApp ikiachwa ilivyo, huiweka picha kwenye galari ya simu. Kama simu imewekewa Google Photos na folda ya WhatsApp Images imeruhusiwa, picha hiyo inapanda hadi kwenye akaunti ya Gmail ya mwenye simu, na huko mwenye nenosiri ndiye mwenye kuiona.

Sasa jiulize Gmail za wazee wetu zilifunguliwa na nani. Simu ya mjomba ilinunuliwa dukani, na kijana aliyeiuza ndiye aliyefungua akaunti, akachagua nenosiri mwenyewe, akaliandika nyuma ya risiti. Mjomba halijui hadi leo. Hapo NIDA ya mama ingeweza kuonekana na mtu ambaye hata hatumjui, na WhatsApp isingekuwa imekosea popote. Kufuta ujumbe hakusaidii ikiwa picha imeshaingia galari. Hata ujumbe wa kujifuta wenyewe baada ya siku 7 hauifuti picha iliyokwisha kuhifadhiwa huko.

Ndiyo maana nimeipenda Signal. Picha inayokuja Signal inakaa ndani ya Signal, haiendi galari mpaka mtu aamue kuihifadhi. Halafu kampuni yenyewe haina cha kutoa: mahakama ya Marekani ilipoidai taarifa za watumiaji mwaka 2016, ilichoweza kutoa ni tarehe akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho ilipoingia mtandaoni. WhatsApp haisomi unachoandika, lakini inajua mengi zaidi kuhusu unawasiliana na nani, na sehemu ya taarifa zake huzishiriki na Meta, kampuni inayoimiliki. Telegram niliiondoa mapema. Mazungumzo yake ya kawaida hayafungwi mwisho hadi mwisho, ni mpaka ufungue Secret Chat, na Secret Chat haipo kwa magrupu, wakati mimi nilihitaji grupu.

Kujiunga Signal ni kama WhatsApp: unaweka namba ya simu, inakuja SMS ya uthibitisho, unachagua PIN. Dada, mdogo wetu na mama mdogo waliingia bila shida, na pamoja nami tukawa wanne. Kisha nikaingia Settings, Privacy, Phone Number, nikazuia namba yangu isionekane na mtu yeyote.

Kwa mjomba mambo yakakwama, na sababu yake ilikuwa bando. Yeye hununua kifurushi cha bei ndogo cha mitandao ya kijamii, ambacho WhatsApp imo na Signal haimo. Signal inakula bando la kawaida, ambalo kwake huwa limeisha. Nilimwekea, akaiona siku hiyo, kisha jumbe zangu zikabaki na alama moja ya tiki siku nzima. Hilo ni jambo la kuangalia kabla hujamhamisha mzee yeyote: muulize ananunua kifurushi gani. Na usitegemee kwamba ukiwa Signal utamfikia aliye WhatsApp, au kwamba ujumbe utageuka SMS. Signal ilitangaza kuiondoa SMS kwenye Android mwaka 2022, kwa hiyo inafika kwa mwenye Signal tu.

Kwa hiyo sikuhamisha watu, nimehamisha mambo. Majibu ya mama, vitambulisho na namba za benki vinapita kwenye grupu letu la wanne. Harusi, misiba, mvua, bei za mnada na salamu za Ijumaa vinabaki grupu la ukoo. Mjomba akihitaji karatasi, kwa mfano alipotakiwa kupeleka NIDA ya mama AMCOS, ninamtumia yeye peke yake WhatsApp kwa njia ya kuonwa mara moja, kile kialama cha 1 pembeni ya sehemu ya maelezo ya picha. Picha hiyo haiingii galari, na akishaifunga haifunguki tena. Anaweza kuipiga picha kwa simu nyingine, hilo halizuiliki, lakini ninamwamini mjomba, nisiyemwamini ni aliyefungua Gmail yake. Asipoifungua ndani ya siku 14 inapotea, kwa hiyo kwanza ninampigia: "Shikamoo mjomba, nakutumia karatasi sasa hivi, uko karibu na simu?"

Alipokuja mjini tulikaa barazani na simu yake. Tulianza na Gmail: tukafungua akaunti mpya, nenosiri akalichagua yeye. Kisha WhatsApp, Settings, Chats, tukazima Media visibility. Ujue kwamba inazuia picha zinazokuja kuanzia hapo, za zamani tulizifuta kwa mkono. Hapohapo kwenye Chat backup tukawasha End-to-end encrypted backup, ili nakala inayokwenda Google ifungwe kwa nenosiri lake. Mwisho Settings, Account, Two-step verification, PIN ya tarakimu 6. Hiyo ya mwisho ndiyo kinga dhidi ya wale wanaoiteka WhatsApp ya mtu na kuwaandikia ndugu zake "ile hela tuma kwenye namba hii". Mtu akimlaghai mjomba amsomee namba ya uthibitisho iliyoingia kwa SMS, bado ataulizwa PIN. Nilimwambia kwamba SMS ya uthibitisho ikija bila yeye kuiomba, kuna mtu anajaribu kuingia, asimsomee yeyote, hata akijiita mtu wa kampuni ya simu. Na akiona kifaa asichokijua kwenye Linked devices, akitoe.

Signal nayo ina udhia wake. Mara kwa mara inakuuliza PIN ili usiisahau, na mama mdogo alikasirika akidhani simu imeharibika. Kubwa zaidi ni kwamba ukipoteza simu na hukuwasha bakapu, mazungumzo yamekwenda. Bakapu ya ndani ya simu kwenye Android inatoa namba ndefu ya siri, na ukiipoteza hakuna ofisi ya kukufungulia. Yangu nimeiandika kwenye daftari la hati za shamba, na mdogo wangu Masasi anayo nakala. Kumbuka pia kwamba faili hilo la bakapu likibaki kwenye simu ileile litaibwa nayo, kwa hiyo mimi hulihamishia kwenye kompyuta.

Kwa familia ambayo wote wana bando la kawaida, ningesema hamieni Signal kabisa. Kwa ukoo kama wetu ninaipendekeza kwa grupu dogo la wanaoshika karatasi, na kabla ya kuipakua, anza na Gmail iliyo kwenye simu ya mzee.