Nilipiga picha ya swali, nikaambiwa nimebuni namba

Huduma hii unapiga picha ya swali, unaituma, na mwalimu aliye zamu anakujibu kwa maandishi. Nimeitumia kwa muda sasa na sikuwa na neno. Siku chache zilizopita imenitibua, na bado sijatulia.

Binti yangu alikuwa na swali la safari. Gari lilikwenda nusu ya umbali kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, nusu iliyobaki likaenda kilomita 40 kwa saa. Tafuta mwendokasi wa wastani wa safari nzima. Picha ilitoka safi, maneno "nusu ya umbali" yanasomeka bila kukaza macho.

Jibu likaja upesi: 50. Alijumlisha 60 na 40, akagawa kwa 2, basi.

Nikamwandikia kwa adabu: "Samahani Mwalimu, naona gari limetumia muda mrefu zaidi kwenye ile nusu ya polepole. Tuchukulie safari ni kilomita 120. Nusu ya kwanza ni saa 1, ya pili ni saa 1 na nusu. Kilomita 120 kwa saa 2 na nusu ni 48, si 50." Akanijibu: "Mzazi, umbali haujatajwa kwenye swali. Ukibuni namba, na jibu lako ni la kubuni. Mwache mtoto asome."

Mwache mtoto asome! Mtoto yuko pembeni yangu anasoma hayo hayo maneno kwenye simu.

Namba nilibuni, ndiyo, lakini jibu halikubuniwa. Weka kilomita 240 badala ya 120: saa 2 kwenda nusu ya kwanza, saa 3 nusu ya pili, jumla saa 5, na 240 kwa 5 ni 48 ileile. Usipotaka namba kabisa, ita kila nusu D. Muda wote ni D/60 + D/40, yaani 5D/120, ambayo ni D/24. Umbali wote ni 2D. Gawa 2D kwa D/24, D inajifuta yenyewe, inabaki 48. Ndiyo maana mtunzi wa swali hakuhangaika kutaja umbali. Hauhitajiki.

Hiyo 50 ingekuwa sahihi kama swali lingesema nusu ya *muda*. Saa moja kwa 60 na saa moja kwa 40 ni kilomita 100 kwa saa 2. Neno moja tu linatenganisha maswali haya mawili, na mwalimu alikuwa nalo mbele ya macho yake.

Nilikuwa tayari kuifuta programu. Binti akaniomba tutume kwanza kipengele cha pili: safari ina sehemu tatu zenye umbali sawa, kwa mwendo wa 20, 30 na 60. Yeye alikuwa amechukua 20 na 30 akapata 24, kisha akaoanisha 24 na 60, akapata 34 na ushee. Tukaipiga picha kazi yake pamoja na swali.

Akajibu mwalimu mwingine, na huyu, kusema kweli, alinigusa moyo. Hakukimbilia kanuni. Aliandika: "Hiyo 24 ni sahihi, lakini imebeba sehemu mbili za njia. Ukiioanisha na 60 moja kwa moja, umezifanya sehemu mbili ziwe na uzito wa sehemu moja." Kisha akamwambia achukulie kila sehemu ni kilomita 60, kwa sababu 60 inagawanyika kwa zote tatu: saa 3, saa 2, saa 1. Kilomita 180 kwa saa 6 ni 30. Mwisho ndipo akalitaja jina, wastani wa hamoniki, akauandika hivi: 3 ÷ (1/20 + 1/30 + 1/60). Akaongeza kwamba utumike tu pale sehemu zinapolingana umbali. Zisipolingana, rudi kwenye umbali wote kugawa kwa muda wote.

Kumbe naye "alibuni" namba! Binti alielewa palepale, akarudi mwenyewe kwenye kipengele cha kwanza akapata 48.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua kuipa nyota nne, kwa heshima ya mwalimu huyo wa pili. Leo nimefungua tena kipengele cha kwanza ili ninakili maneno ya yule mwingine hapa. Jibu la 50 bado lipo, na pembeni yake wamebandika alama ya kijani: "Limethibitishwa". Natoa nyota moja.