Nimepindisha weji ya 52 ikawa 50: uzoefu wangu na huduma ya lofti na lai

Huduma niliyolipia ni ya kupima na kurekebisha fimbo fupi tatu za gofu, yaani weji. Fundi yuko Dar es Salaam, mimi niko Mwanza, kwa hiyo fimbo zilikwenda na kurudi kwa basi, na nauli ya mzigo ilizidi ada ya fundi. Hata hivyo nimeridhika, na naona inafaa nieleze kazi yenyewe kwa sababu wengi wetu tunacheza na seti za mitumba zenye tatizo hilohilo.

Zamani pichingi weji ilikuwa na lofti, yaani pembe ya ulalo wa uso wa fimbo, ya digrii 48 hivi. Seti nyingi za siku hizi zimesimamishwa uso ili mpira uende mbali, na yangu ina 44. Sandi weji nayo imebaki palepale, 56. Katikati pakabaki pengo la digrii 12. Watu huliziba kwa weji ya 52, na kweli 52 inakaa katikati ya 48 na 56. Ukiwa na 44 haikai katikati: upande mmoja unabaki na digrii 8, mwingine 4.

Uwanjani ilikuwa hivi. Pichingi yangu inapiga yadi 120, ile 52 ilikuwa yadi 96, sandi yadi 84. Bendera ikiwa yadi 108 sikuwa na fimbo. Ama nipunguze nguvu ya pichingi, mpira udondoke chini-chini na kuteleza hadi nyuma ya grini, ama niilazimishe 52 na mpira uishie kwenye banka la mbele. Kumbe kati ya 96 na 84 nilikuwa na fimbo mbili zinazokaribia kufanya kazi moja.

Fundi alianza kwa kubana kila fimbo kwenye mashine na kusoma pembe. Namba zangu zilitoka sawa na zilizochapwa, lakini kwa mitumba usiamini chapa. Chuma huhama kwa matumizi, au mwenye fimbo wa kwanza aliipindisha. Kisha akaisimamisha ile 52 hadi 50. Nilimuuliza kwa nini tusilaze pichingi iwe 46, akanijibu kwamba hapo tungelihamishia pengo kati yake na aini namba 9, ambayo ina lofti ya 39. Jibu hilo lilinifanya nimwamini.

Kuna gharama yake. Ukipunguza lofti digrii mbili, baunsi, yaani ule mwinuko wa tako la fimbo unaoizuia isichimbe, nayo hupungua digrii mbili. Yangu ilitoka 10 ikawa 8. Kwenye ardhi ngumu ya kiangazi inapita vizuri zaidi; masika udongo ukilowa inachimba kidogo, nami hapo natumia sandi, ambayo baunsi yake haikuguswa.

Kuhusu lai, yaani pembe kati ya mpini na ardhi, fundi alinitaka nimpe ushahidi kabla ya kutuma. Unachora mstari kwenye mpira kwa maka pen, unauweka mstari ukiwa wima upande utakaogongwa na uso wa fimbo, unapiga, kisha unaangalia alama iliyobaki usoni. Ikisimama wima, lai ni sahihi. Yangu kwenye sandi ncha ya juu iliinama kuelekea kidoleni mwa fimbo, yaani ncha ya kichwa iliyo mbali na mpini, maana yake fimbo imesimama mno na kidole kinainuka wakati wa kugonga. Kwa anayetumia mkono wa kulia mpira huvutwa kushoto, na kadiri lofti inavyokuwa kubwa ndivyo unavyovutwa zaidi. Nilimtumia picha, akaipunguzia lai digrii moja. Sasa alama inasimama.

Nilipima umbali mpya hapa Mwanza asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kusukuma mipira. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mpira unaenda mbali kuliko Dar, hivyo jedwali la mtu wa pwani halikusaidii, pima mwenyewe. Ile weji sasa ni yadi 102. Hatua zimekuwa 18 na 18.

Bado 18 ni pana kuliko yadi 13 zilizopo kati ya aini zangu. Mwenye nafasi ndani ya fimbo 14 zinazoruhusiwa anunue ya 48 na kuiacha 52 ilivyo, apate hatua za digrii nne nne. Aamue kabla ya kupindisha, kwa sababu chuma kikipindishwa na kurudishwa shingo hudhoofika, na fimbo za kumiminwa kwenye kalibu zinaweza kuvunjika. Muulize fundi kama yako imefuliwa au imemiminwa kabla hujaipandisha kwenye basi.