Uzoefu wangu: kibao kilichofutwa kwenye video ya harusi yangu, kikabaki kinapepesa

Nimempa huyu mhariri nyota tatu. Naeleza sababu kwa kirefu kwa sababu kabla ya harusi yangu sikujua kwamba kitu kinaweza kufutwa kwenye video na bado ukakiona.

Tulipokuwa tunasomeana viapo, nyuma yetu ukutani kulikuwa na kibao cha kijani cha mlango wa dharura, kile kinachowaka muda wote. Kimekaa juu kidogo ya bega la mume wangu. Kipande hicho kina sekunde 14 na ndicho nilichokuwa nakisubiri kuliko vyote, kwa hiyo nilimwomba mhariri akiondoe kibao. Alikubali bila shida, na kazi ikaja ndani ya siku alizoahidi. Rangi nzuri, sauti safi, muziki umeingia vizuri. Kwa hayo sina neno.

Mara ya kwanza kutazama sikuona kosa, ila nilijikuta kila mara naangalia ukuta badala ya kuangalia nyuso zetu. Nikarudia. Kibao hakipo, lakini pale kilipokuwa pana kitu kinatetemeka, kama ukuta unapumua. Halafu kuna mahali mstatili mweusi unatokea ghafla na kupotea kabla hujaunyooshea kidole.

Nilimwandikia, akanijibu: "Dada, hiyo ni video ya kwenye linki, imebanwa. Kwenye faili kubwa huwezi kuona." Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Video ikibanwa sana, kuta tupu huchafuka na kucheza. Lakini kubanwa hakuchagui mahali: ukuta wote ungecheza, na mara nyingi kwa mapigo yanayojirudia. Kwangu ukuta wote ulikuwa umetulia isipokuwa pale pale penye ukubwa wa kibao. Nikaomba faili kubwa, nikaifungua kwenye VLC, nikasimamisha na kubonyeza herufi E, ambayo inasogeza picha fremu moja moja. Niliongeza pia mwangaza wa skrini ili sehemu zenye giza zifunguke. Hapo kila kitu kikawa wazi.

Video yetu ina fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo kipande kile kina fremu 350. Kiraka kilichofunika kibao kilikuwa tofauti kidogo karibu kila fremu: hapa kina kivuli upande wa kushoto, inayofuata kivuli kimehamia chini. Tena ukuta halisi una zile chenga ndogo ndogo za kamera iliyorekodi kwenye mwanga hafifu, wakati kiraka ni laini kama plastiki. Ukisimamisha picha huoni ubaya wowote. Ikitembea, jicho linakamata.

Safari hii sikumwandikia "bado inaonekana". Niliandika hivi: "Kaka, naomba uangalie faili kubwa, siyo linki. Kuanzia 00:41:10 hadi 00:41:24, juu ya bega la kushoto la mume wangu, kiraka kinabadilika kila fremu na hakina chenga. Kwenye 00:41:15 na 00:41:19 flashi za wageni zinapiga na mstatili unaonekana. Kwenye 00:41:21 shela inapita mbele na ina kijani ndani yake." Nikaambatanisha picha tatu za skrini, kila moja na alama ya mahali penyewe.

Nafikiri ujumbe huo ndio uliobadilisha mambo. Alinipigia simu siku hiyo hiyo, akakubali kosa, akanieleza alichofanya. Alitumia Content-Aware Fill ya After Effects na kuiachia programu ijaze yenyewe. Njia hiyo hutafuta kwenye fremu nyingine sehemu ya ukuta iliyofichwa na kitu unachokiondoa. Mtu akipita mbele ya ukuta inafanya vizuri, kwa sababu kabla na baada yake ukuta unaonekana. Kibao changu hakikusogea hata mara moja, na kamera ilitembea taratibu mno. Hakuna fremu hata moja kati ya zile 350 inayoonyesha kilicho nyuma yake. Programu ikawa inabuni, na ubunifu wake haukutulia kutoka fremu moja hadi nyingine.

Suala la flashi ndilo lililonishangaza zaidi. Flashi ikipiga, ukuta unakuwa mweupe kwa fremu moja au mbili, lakini kiraka hakijui kwamba mwanga umebadilika, kinabaki na weusi wake wa kawaida. Ndiyo maana mstatili ulitokea wenye umbo lile lile la kibao. Kwenye fremu moja flashi ilikamatwa nusu: juu kweupe, chini giza, na mpaka wake unapita katikati kabisa ya kiraka. Hiyo nimeitazama mara nyingi sana.

Marekebisho yalichukua siku nne. Alichagua fremu moja safi, akapaka ukuta kwa mkono pale penye kibao kwa kunakili sehemu za jirani, kisha akakifungisha kiraka hicho kimoja kwenye ukuta ili kifuate mwendo wa kamera. Kwa kuwa kiraka ni kile kile mwanzo hadi mwisho, kikaacha kucheza. Juu yake akaongeza chenga zinazolingana na za ukuta, na hizo lazima zibadilike kila fremu, la sivyo kiraka kinaonekana kama karatasi iliyobandikwa. Fremu za flashi alizishughulikia moja moja kwa kupandisha mwangaza wa kiraka, na ile ya nusu kwa nusu aliikata kufuata mpaka wa mwanga.

Shela ilimshinda, na alisema wazi. Kitambaa kinaonyesha cha nyuma, kwa hiyo kijani cha kibao kilikuwa kimeingia kwenye nyuzi zenyewe. Akiweka kiraka mbele, shela inakatika. Akikiweka nyuma, kijani kinabaki. Alipunguza rangi ya kijani ndani ya shela peke yake, likabaki doa jeupe linalong'aa kuliko kitambaa kingine. Mwishowe kwa sekunde mbili hizo aliweka picha ya kamera ya pili inayonionyesha kwa pembeni, sauti ya kiapo ikaendelea bila kukatika. Mtu asiyejua hawezi kudhani kuna kilichofichwa.

Nyota mbili nilizomnyima ni kwa mambo mawili. La kwanza, aliniambia tatizo ni linki kabla hajafungua faili lake mwenyewe. La pili, kazi kama hii ilitakiwa itazamwe ikitembea, kwa ukubwa kamili, na kurudiwa walau mara kadhaa kabla ya kuitwa fainali. Ningemwajiri tena? Ndiyo, lakini ningemwomba kwanza anitumie kile kipande peke yake kwenye faili kubwa nikikague, kabla hajaunganisha video nzima.

Kimebaki kitu kimoja ambacho sote wawili hatukukiona hadi kibao kilipotoweka kabisa: mwanga wa kijani hafifu kwenye bega la koti la mume wangu, unaotoka kwenye kibao ambacho sasa hakipo. Alijitolea kuuondoa. Nimemwambia auache, kwa sababu umetulia na unasogea na bega lake.