Kukunja kivuli kwenye ngazi: programu nne, kuanzia ya kwanza kuchagua

Ukimbandika mtu kwenye picha yenye ngazi, kivuli chake hakilali kama shuka. Juu ya kidato kinafuata mwelekeo wa jua. Kikikuta uso uliosimama kinapanda wima, kisha kwenye kidato kinachofuata kinarudi mwelekeo ule ule. Kwa hiyo unachonunua hasa ni uwezo wa kukata kivuli vipande na kuvuta kona nne za kila kipande.

Chukua mtu wa sm 170, jua likiwa mgongoni kwake kwa nyuzi 45, naye amesimama sm 60 kutoka ngazi inayomtazama. Kila kidato kina kimo cha sm 17 na upana wa sm 28. Kwa nyuzi hizo, kivuli kikitambaa au kikipanda sm moja kinatumia sm moja ya urefu wake. Sakafu inakula 60, vidato viwili 90, zinabaki 20: 17 za kupanda uso wa tatu na 3 juu yake. Kichwa kikifika kidato cha nne, umekilaza tu bila kukikunja.

1. Photopea. Kwa ngazi, anza hapa. Ni ya bure, inafunguka kwenye kivinjari na inasoma faili za PSD. Kata kivuli kwenye kila ukingo, kila kipande kiwe `Smart Object`, kisha tumia `Edit > Transform > Distort`. Usitumie `Warp` kwa kivuli kizima: inapinda kona ambazo zinatakiwa kuvunjika kwa ukali.

2. Photoshop. Malipo ya kila mwezi yana maana kama kazi zako ni za mawe, mchanga au nyasi. Hapo `Filter > Distort > Displace` husogeza kivuli kwa kufuata ramani ya kijivu iliyohifadhiwa kama PSD. Tatizo ni kwamba inasoma mwangaza, haijui kimo. Doa la mafuta sakafuni litageuka shimo, basi lifute kwenye ramani kwanza, halafu uitie ukungu kidogo.

3. GIMP. Bure, haihitaji intaneti, na ina `Filters > Map > Displace`. Kwenye leya ya kawaida, kila unapovuta kipande tena kingo zake hulegea, kwa hiyo tunza nakala ya asili.

4. Blender. Jenga vidato kwa maboksi, uviwekee `Shadow Catcher` ndani ya Cycles, na kivuli kitajikunja chenyewe. Ni ya bure, ila kulinganisha kamera na picha kunakula muda. Kwa picha moja haifai.

Yoyote utakayochukua, leya iwe `Multiply`, na ufute kivuli pale ambapo uso wa kidato tayari uko gizani. Usipofuta, kunatokea baka jeusi linaloonekana kabla ya mtu mwenyewe. Ukungu wa kingo uongezeke kwa takriban sm 1 kwa kila mita ambayo mwanga umesafiri kutoka mwilini: miguuni mkali, kichwani laini.