Mama yangu kawekewa ndevu za nukta

Nimetulia kidogo sasa. Wiki ile ningeandika, ningetukana.

Nilimpa fundi mmoja hapa Moshi kazi ya kumchora marehemu mama kwa nukta tupu, bila mstari hata mmoja, maelfu ya vidoti vya wino kwenye karatasi ya A3. Nilitaka itundikwe sebuleni nyumbani kabla watu hawajapanda mlimani kwa Krismasi. Laki mbili na nusu, nusu nikatoa palepale.

Tumeitundika, baba mdogo kaingia na bakuli lake la mtori, kaitazama, kasema: "Huyu shemeji yangu alianza lini kuota ndevu?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana mzee alisema kweli.

Fundi wa nukta hana rangi ya kijivu. Ana wino mweusi na weupe wa karatasi, basi. Akitaka pang'ae anazitawanya nukta, akitaka giza anazisogeza, na macho yako ndiyo yanayochanganya. Paji la uso alilitendea haki kabisa. Niliweka ukucha wa kidole gumba pale panapong'aa, nikahesabu nukta 11 tu kwenye eneo hilo. Shingoni, chini ya kidevu, eneo lilelile nilifika 140 nikachoka. Na ule mng'ao wa paji ulikuwa mama mtupu, anatoka kujipaka mafuta asubuhi. Hapo sina neno.

Balaa ni shavu la kushoto. Kutoka mfupa wa shavu kushuka tayani, nukta zilipaswa kuongezeka kidogokidogo. Yeye kavuka ghafla. Pajini alitumia kalamu ya 005, nyembamba kuliko zote kwenye seti yake, lakini shavuni kachukua 05, nene zaidi, ili giza lije haraka. Nukta nene chache hazigeuki kivuli, kila moja inabaki kuonekana peke yake. Tena kwa haraka zake kalamu aliilaza badala ya kuisimamisha, kwa hiyo kila nukta ina kamkia, na mikia yote inaelekea upande mmoja. Kama si ndevu, niambieni ni nini.

Nikaishusha, nikaibeba hadi chumbani kwake anapofanyia kazi. Hata kichwa hakuinua. "Dada, hii picha haitazamwi kwa pua. Rudi mlangoni." Kwa sauti ile ya kumfukuza kuku! Nimemlipa, halafu ananipanga niende mlangoni.

Nikaenda, nikafinya macho. Kweli, nukta za paji ziliyeyuka, za shingo zikayeyuka. Za shavu zikabaki zinanitazama. Nikamwambia aje asimame nilipo. Akaja, akafinya macho, akanyamaza muda mrefu. Halafu, badala ya pole: "Na wewe uliniletea picha ya kitambulisho."

Iliniuma zaidi kwa sababu ana hoja. Picha ile ilipigwa na fleshi ya mbele, uso wote umemulikwa sawasawa, hakuna upande wa mwanga wala upande wa giza. Kivuli cha shavu alikitunga kichwani. Lakini si angesema kabla ya kupokea hela? Ningetafuta ile mama aliyokaa mlangoni anachambua mbogamboga, jua likimpiga ubavuni.

Nikamwambia afute. Akachukua wembe, akakwangua nukta mbili pembeni ili nione mwenyewe: wino ulitoka, ila karatasi ikaota manyoya, na nukta mpya ukiiweka hapo inasambaa. Kwa hiyo nukta haifutiki, inazungukwa tu. Alikaa siku mbili na ile 005, akijaza nukta ndogo katikati ya zile nene mpaka mikia ikamezwa, kisha akapandisha utusitusi polepole kuelekea mfupa wa shavu ili ule mpaka upotee.

Ndevu zimekwisha. Ila kwa kuwa marekebisho haya yanakwenda upande mmoja tu, wa giza, ilibidi aongeze na shavu la kulia lisipishane na mwenzake. Mama alikuwa maji ya kunde. Huyu wa ukutani ni mweusi kumzidi, na dada zangu wameliona hilo kabla sijasema.

Nilikuja hapa kuwaambia msimpelekee kazi. Bado nasema mwenye haraka amkwepe, na yeyote anayeumizwa upesi na maneno kama mimi. Lakini juzi umeme ulirudi usiku, taa moja tu ya koridoni ikiwaka, nikapita sebuleni bila kuwaza chochote, nikajikuta nimesema "shikamoo."

Baba yupo hai. Jumapili nitamkalisha kando ya dirisha asubuhi, nimpige picha mwenyewe bila fleshi. Kama nitampelekea huyuhuyu, ile 05 nitaikalia mimi.