Tahadhari: Muuzaji wa picha za umati anauza nyuso zilizotungwa na kompyuta

Ndugu zangu, yule muuzaji wa picha za umati ambaye matangazo yake yamezagaa katika makundi yetu ni tapeli, na ninaandika haya nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja. Picha ya jukwaa la mashabiki niliyoinunua kwake kwa ajili ya lile jarida letu haikupigwa na kamera yoyote. Imetengenezwa kwa programu ya akili mnemba, kisha ikauzwa kama kazi ya mpiga picha aliyekuwepo uwanjani.

Niligundua nilipokuwa nikiikuza ili ijaze kurasa mbili za katikati. Katika safu za kati kulikuwa na mwanamume mwenye uso mrefu, nyusi zilizokaribiana, na mdomo uliopinda kidogo kuelekea kushoto. Viti vichache nyuma yake nilimkuta tena, safari hii akiwa na kofia. Upande wa pili wa ngazi alikuwepo amewekewa mvi, na chini yake kidogo uso ule ule ulikuwa umepewa nywele ndefu na hereni. Nilipoanza kuwatazama wenzake, nilikuta kwamba jukwaa zima lina nyuso chache tu zinazozunguka kama ndugu wa tumbo moja. Kisha nikaona mikono. Karibu kila mtu ameinua yote miwili, viwiko vimekunjwa kwa pembe ile ile, viganja viko juu ya kichwa kwa kimo kile kile, na macho yote yanaelekea kwenye lenzi. Goli limefungwa, na hakuna hata mmoja anayetazama uwanja!

Msije mkadhani kwamba nilinunua kwa pupa. Niliitafuta picha ile mtandaoni kwa picha yenyewe, na haikutokea mahali pengine popote, nikaamini kwamba haijaibwa kwa mtu. Sasa ninaelewa kwamba picha iliyotungwa jana haiwezi kutokea popote, kwa hiyo utafutaji ule ulimsaidia yeye. Aidha, alinitumia sampuli yenye upana wa pikseli 800, jina lake likiwa limechapwa katikati, na kwa ukubwa huo uso wa mtu wa safu za nyuma ni pikseli chache mno, kiasi kwamba jicho lenyewe hujazia sura inayokosekana. Faili kubwa aliitoa baada ya malipo.

Lililonimaliza kabisa ni taarifa za kamera. Nilizisoma kwa amri hii ya programu ya ExifTool:

```
exiftool picha.jpg
```

Zilikuwepo zote: aina ya kamera, kasi ya shata ya 1/1000, lenzi ya milimita 200, tarehe na saa. Nani angetilia shaka? Lakini taarifa hizo ni maandishi yaliyobandikwa kwenye faili, na programu hiyo hiyo inaweza kuzihamisha kutoka picha nyingine halali. Ushahidi dhidi yake ulikuwa ndani ya picha yenyewe. Lenzi ya milimita 200 kwenye kamera kubwa huona eneo jembamba sana, na ukipiga jukwaa la mbali, vichwa vya mbele na vya nyuma hukaribiana kwa ukubwa. Picha yangu inaonyesha jukwaa kutoka kona hadi kona, na vichwa vya mbele ni vikubwa mara nyingi kuliko vya nyuma. Hiyo ni sura ya lenzi pana, iliyosimama karibu na safu ya kwanza.

Sababu ya nyuso kujirudia ni ya kiufundi, na inafaa mwielewe kwa sababu ndiyo inayomfichua mtu huyu. Programu nyingi za aina hii hazichori pikseli moja kwa moja. Matoleo ya mwanzo ya Stable Diffusion, kwa mfano, yalitengeneza picha ya pikseli 512 kwa 512 kupitia gridi ya 64 kwa 64, yaani kila chumba kimoja kilibeba eneo la pikseli 8 kwa 8. Uso wenye upana wa pikseli 16 hupata vyumba vinne tu, na katika nafasi hiyo macho, pua na mdomo haviwezi kukaa, hivyo hutoka uji. Ili kuuondoa uji huo, watengenezaji hupitisha picha kwenye hatua ya pili inayotafuta kila uso, inaukata, inauchora upya kwa ukubwa, kisha inaurudisha mahali pake. Tatizo ni kwamba kila uso huchorwa kwa maelekezo yale yale, na maelekezo yale yale huvuta kuelekea sura ile ile. Kofia na mvi hubaki kwa sababu zilikuwepo kabla. Uso ndio unaofanana.

Huu si ule udanganyifu wa zamani wa kunakili kipande cha picha na kukibandika pembeni. Mwaka 2004 tangazo la kampeni ya George W. Bush lilikutwa na nyuso za wanajeshi zilizonakiliwa ndani ya umati, na kampeni ilikiri kwamba picha ilihaririwa. Nakala kama hizo hufanana pikseli kwa pikseli, na zipo programu za kuzitafuta. Nyuso nilizouziwa hazilingani kwa namna hiyo, kwa hiyo programu hizo zitapita juu yake bila kuona kitu.

Muuzaji huyo, nilipomwandikia, alijibu kwamba mashabiki huwa wanafanana, kisha akanifungia mawasiliano. Anapaswa kuondolewa katika kila kundi, arudishe fedha za kila aliyemuuzia, na afikishwe kwenye vyombo vya sheria, kwa sababu picha zake za masoko na za mikutano ya kisiasa ndizo zinazonitia hofu zaidi. Mkutano ambao haukuwahi kujaa unaweza kujazwa na mtu kama huyu.

Mkiletewa picha ya umati, ombeni fremu iliyotangulia na iliyofuata. Mpiga picha wa michezo hupiga mfululizo, na watu wale wale wanatakiwa waonekane tena wakiwa wamesogea. Daini pia faili ghafi, yaani ile iliyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa. Katika picha yenyewe, mtafute mtu aliyechelewa kushangilia, anayepanda ngazi, anayetazama simu, au aliyekaa amenuna. Umati wa kweli huwa nao.

Msiharakishe, hata hivyo, kumhukumu kila mmoja. Mashabiki wanaoinua kadi kwa mpango hukaa kwa mkao mmoja, waumini katika sala vilevile, na simu iliyovuta mbali huvuruga nyuso za kweli zikawa uji. Agosti 2024 Donald Trump alidai kwamba umati uliompokea Kamala Harris katika uwanja wa ndege wa Detroit ulitungwa na akili mnemba, ilhali watu walikuwepo, na picha na video zilizopigwa na wengi kutoka pande mbalimbali zilionyesha hivyo. Tukio la kweli huwa na kamera nyingi. La muuzaji wangu lilikuwa na moja tu, yake mwenyewe.

Yeyote aliyenunua kwake, asifute faili wala mazungumzo, na aniandikie faraghani. Ninakusanya picha zake zote ili nyuso zipangwe bega kwa bega katika malalamiko yatakayopelekwa polisi, maana yule mwenye mdomo uliopinda nimeshamkuta pia katika picha yake ya soko.